Kukomboa hisa za upendeleo kwa faida: hiyo akiba ya milioni 40 inakaa wapi?

Mhasibu_Ziwani
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa maingizo. Nipo kwenye kampuni ya familia ya kusindika samaki, Tanzania. Miaka kadhaa nyuma waliuza hisa za upendeleo kwa shangazi yao na rafiki yake, 40,000 kwa shilingi 1,000 kila moja, gawio asilimia 12 kwa mwaka. Masharti yanasema kampuni ikitaka inaweza kuzikomboa baada ya miaka mitano, kwa kuongeza asilimia 5 juu ya bei ile. Sasa bodi imetaka. Mizania kwa ufupi, kwa milioni:

Hisa za kawaida 100
Hisa za upendeleo 40
Ziada ya bei ya hisa 5
Akiba ya tathmini mpya ya jengo 18
Faida iliyolimbikizwa 62
Mkopo wa benki 50
Wadai wa biashara 30
Jumla 305

Upande wa mali: za kudumu 215, bidhaa ghalani 25, wadaiwa 15, benki 50.

Mkurugenzi anasema tulipe kwa faida, tusiuze hisa mpya. Mkaguzi kaniambia nitenge akiba ya ukombozi wa mtaji ya milioni 40. Nimemuuliza zitoke wapi maana tukishalipa benki inabaki na milioni 8 tu. Akacheka, akasema nikasome. Nawasilisha.

Kibubu
Mkuu hiyo ni rahisi. Unafungua akaunti nyingine benki, unaipa jina la akiba ya ukombozi, unaweka milioni 40 humo na huzigusi. Kama hamna hizo hela basi hamruhusiwi kukomboa. Sheria inataka hivyo ili wadai wasidhulumiwe.

Bi_Leja
Kibubu, neno lako la mwisho ni sahihi, kabla ya hapo umepotea njia. Ni kwa ajili ya wadai, ndiyo. Ila hakuna akaunti ya benki inayofunguliwa.

Mhasibu, nianze na maingizo halafu nieleze. Kwa milioni:

Debiti Hisa za upendeleo 40
Debiti Ziada ya ukombozi 2
Krediti Wenye hisa za upendeleo 42
(kuhamisha wanachodai)

Debiti Faida iliyolimbikizwa 2
Krediti Ziada ya ukombozi 2
(kufuta ile asilimia 5)

Debiti Wenye hisa za upendeleo 42
Krediti Benki 42
(malipo)

Debiti Faida iliyolimbikizwa 40
Krediti Akiba ya ukombozi wa mtaji 40

Angalia ingizo la mwisho. Benki haimo. Limetoka kwenye faida iliyolimbikizwa likaingia kwenye akiba, na zote mbili ziko upande uleule wa mizania. Hakuna shilingi iliyosogea. Kilichobadilika ni ruhusa: zile 40 zilikuwa faida ambayo wanahisa wangeweza kugawana, sasa hawawezi tena.

Kwa nini? Fikiria benki iliyowakopesha 50. Ilipotazama mizania yenu iliona kwamba katika mali zote za kampuni kuna sehemu ambayo wenye kampuni hawaruhusiwi kuichukua: hisa za kawaida 100, za upendeleo 40, ziada ya bei 5, tathmini ya jengo 18. Jumla 163. Kinachogawika ni 62 tu. Sasa mnamlipa shangazi 42 na hisa zake zinafutwa. Bila lile ingizo la nne, faida inabaki 60, na kesho bodi inatangaza gawio la 60. Zitakuwa zimetoka 102 kwenye kampuni iliyokuwa na faida ya 62. Hizo 40 za katikati ni mtaji, umerudishwa mlango wa nyuma.

Ukiweka akiba, sehemu iliyofungwa inakuwa 100 + 40 + 5 + 18. Ni 163 ileile. Faida inayogawika ni 20. Benki haijapoteza kinga yake.

Mhasibu_Ziwani
Dada umenifungua macho. Kwa hiyo faida ya 62 imeliwa mara mbili? 42 kwa ajili ya malipo na tena 40 kwa ajili ya akiba? Hiyo si ni 82, inazidi 62?

Bi_Leja
Hapana, hesabu tena. Faida imepungua kwa 2 na kwa 40, basi. Ile 40 ya malipo ilidebitiwa kwenye hisa za upendeleo, haikugusa faida. Tunaposema hisa "zimekombolewa kwa faida" maana yake ni hilo ingizo la nne tu, kwamba faida imeingia kukalia kiti cha hisa zilizofutwa.

Mama_Vicoba
Mimi nina swali linalofanana. Nina hisa kwenye SACCOS ya kazini, nimeacha kazi, wameniambia watanirudishia hisa zangu baada ya siku 90 lakini hawajaongeza hata senti. Kwa nini huyo shangazi anapewa asilimia 5 na mimi hapana? Nidai?

Bi_Leja
Mama, hayo ni mambo mawili tofauti. SACCOS ni ushirika, ina sheria yake na masharti yake, na hisa ya mwanachama hurudishwa kwa namna masharti yanavyosema. Shangazi anapewa asilimia 5 kwa sababu iliandikwa hivyo tangu siku alipouziwa. Kasome masharti ya chama chako kabla ya kudai.

Kibubu
Nakubali kuhusu benki. Lakini mimi niliona kampuni kweli inaweka fedha pembeni kila mwaka kwa ajili ya ukombozi. Sikuota.

Mzee_Mizania
Hukuota, kijana. Kampuni ikijua kwamba mwaka fulani itatakiwa kulipa, inaweza kununua amana au hati fungani kidogokidogo ili siku ikifika fedha ziwepo. Hiyo ni mipango ya fedha. Ikishalipa, zile amana zimekwisha. Akiba ya ukombozi inaanza siku ambayo fedha zimeondoka. Watu huchanganya kwa sababu ya jina lenyewe "akiba", na nimewahi kumsikia mjumbe wa bodi akiuliza kwa nini tusilipe mishahara kwa akiba ya ukombozi, tukiwa nayo nyingi hivyo.

Kwa faida ya wengi: hisa za upendeleo zinazokomboleka ziliruhusiwa na sheria ya makampuni ya Uingereza ya 1929, na sharti hili lilikuja nazo. Kabla ya hapo kampuni haikuwa na njia nyepesi ya kumrudishia mwanahisa mtaji. Sheria zetu za Afrika Mashariki zimechota humo, ndiyo maana mkisoma ya Tanzania ya 2002 au ya Kenya ya 2015 mnakuta wazo lilelile.

Sasa Mhasibu, nina maswali matatu kwako. Hisa hizo zimelipiwa zote? Gawio la asilimia 12 linalimbikizwa likikosa kulipwa? Na kama linalimbikizwa, mara ya mwisho limelipwa lini?

Mhasibu_Ziwani
Shikamoo mzee. Zimelipiwa zote. Gawio linalimbikizwa. Halijalipwa miaka miwili, samaki walikuwa wachache. Sijaliona kwenye madeni ya mizania, ila lipo kwenye maelezo ya chini ya hesabu.

Mzee_Mizania
Marahaba. Hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Gawio ambalo bodi haijalitangaza si deni bado, kwa hiyo kulikuta kwenye maelezo tu ni sawa. Lakini masharti ya hisa za namna hii kwa kawaida hayaruhusu mwenye hisa aondoke bila malimbikizo yake. Soma yenu uhakikishe. Kama ni hivyo, miaka miwili kwa asilimia 12 ya 40 ni 9.6. Jumlisha na 42, unapata 51.6. Benki una 50.

Bodi yenu imetazama faida ya 62 ikaona inatosha. Na kweli inatosha: 62 toa 2, toa 40, toa 9.6, inabaki 10.4. Fedha ndizo hazitoshi. Faida hiyo imeshageuka kuwa majokofu na magari.

Kibubu
Si watumie hiyo 18 ya tathmini ya jengo?

Bi_Leja
Kutumia kufanya nini? Kulipa haiwezekani, ni ukuta wa jengo huo umepandishwa bei kwenye karatasi. Kutengeneza akiba ya ukombozi nako haiwezekani, sababu inatakiwa faida ambayo ingeweza kugawiwa kama gawio, na tathmini mpya haijapatikana mpaka uuze jengo.

Otieno_wa_Hesabu
Niko Kisumu, nimefuatilia hii stori. Ndugu zangu, kabla hamjafika kwa pesa, kuna jambo limerukwa. Hizi hisa ni mtaji ama ni deni? Chini ya IAS 32, kampuni ikilazimika kuzikomboa tarehe fulani, ama mwenye hisa akiwa na haki ya kudai akombolewe, hilo ni deni hata kama hati imeandikwa "hisa", na gawio lake linaenda kwenye faida na hasara kama riba. Huwezi kulionesha na mtaji.

Bi_Leja
Otieno hoja yako ni nzuri, ila soma swali tena: "kampuni ikitaka". Uamuzi ni wa kampuni, mwenye hisa hawezi kulazimisha, na gawio hulipwa bodi ikilitangaza. Kwa maelezo hayo zimekaa sawa kwenye mtaji.

Otieno_wa_Hesabu
Sawa, hapo nakubali. Lakini IAS 32 hiyohiyo inasema kampuni ikishawajulisha rasmi wenye hisa kwamba inazikomboa, wajibu umezaliwa. Mhasibu, barua imetumwa? Na mwaka wenu wa hesabu unaisha lini?

Mhasibu_Ziwani
Mwaka unaisha 31 Desemba. Barua rasimu ipo, mkurugenzi anataka itoke katikati ya Desemba, malipo mwishoni mwa Januari.

Otieno_wa_Hesabu
Basi ile mizania ya 31 Desemba itakuwa na deni la 42 la muda mfupi, na hisa za upendeleo hazitaonekana. Ingizo la kwanza la Bi Leja linafanywa Desemba, la malipo Januari. Kama mkataba wa mkopo una sharti la uwiano wa deni kwa mtaji, hesabuni kabla barua haijatoka. Deni lilikuwa 80, linaruka hadi 122. Mtaji unashuka kutoka 225 hadi 183. Hapo ni kabla ya kutangaza hayo malimbikizo.

Mhasibu_Ziwani
Duh. Sharti hilo lipo. Naomba nilipeleke kwa mkurugenzi, nitarudi.

Somo_CPA
Wakati tunamsubiri, mimi najiandaa na mtihani. Je, ingizo la akiba linafanywa Desemba pamoja na deni, au Januari hisa zinapofutwa? Katika kitabu changu maswali yote yanatokea siku moja.

Bi_Leja
Mimi ningefanya siku ya kukomboa, yaani Januari. Mpaka siku hiyo hisa zipo kisheria, mtaji haujapungua, hakuna pengo la kuziba.

Mzee_Mizania
Kisheria uko sahihi. Lakini mtu anayesoma mizania ya 31 Desemba ataona hisa za upendeleo hazipo, akiba haipo, na faida inayogawika imebaki 60. Ni picha inayodanganya. Mimi ningeweka maelezo marefu chini ya hesabu, au bodi ihamishe 40 mapema kwa hiari yake kwenda akiba ya kawaida, kisha Januari ziende kwenye akiba ya ukombozi. Nimeona wakaguzi wakitofautiana kwa hili.

Otieno_wa_Hesabu
Mimi niko na Bi Leja. Maelezo yanatosha.

Mhasibu_Ziwani
Nimerudi. Kikao kilikuwa kirefu. Wamekubaliana barua itoke Januari baada ya mwaka kufungwa. Na kwa sababu fedha hazitoshi, kaka mkubwa na mkewe watanunua hisa mpya za kawaida 12,000 kwa shilingi 1,250. Hizo ni milioni 15, kati yake 12 ni thamani ya hati na 3 ni ziada ya bei. Sasa akiba iwe kiasi gani? Nimetazama mafunzo Yutyubu, mwalimu wa India anasema 28. Kijana wa ofisini aliyesoma vitabu vya Uingereza anasema 25. Nani mkweli?

Somo_CPA
28. Unachukua 40 unatoa thamani ya hati ya hisa mpya, 12. Ziada ya bei haihesabiwi kwa kuwa inaenda kwenye akaunti yake. Nimefanya maswali mengi ya namna hiyo.

Bi_Leja
Somo, umefanya maswali mengi ya India. Huko ndivyo wanavyofundishwa. Uingereza sheria inatazama mapato yote ya hisa mpya, pamoja na ziada: 40 toa 15, akiba 25. Ukiulizwa na mtahini, angalia kwanza anatumia sheria ya nani.

Pima kwa kipimo nilichotumia mwanzo. Sehemu iliyofungwa ilikuwa 163. Baada ya njia ya 25: hisa za kawaida 112, ziada ya bei 8, akiba ya ukombozi 25, tathmini 18. Jumla 163. Imeziba pengo barabara. Kwa njia ya 28 unapata 166, yaani umefunga 3 zaidi ya zilizokuwepo. Si kosa la jinai, wadai watafurahi, ila wanahisa wamenyimwa 3 za kugawana.

Somo_CPA
Kumbe. Lakini mwalimu wangu hapa mjini pia anatumia 28.

Bi_Leja
Muulize kifungu anachosoma. Huenda ana sababu.

Mhasibu_Ziwani
Mkaguzi wetu amekubali 25. Sasa nimeandika hivi, nikosoeni. Kwa milioni:

Debiti Benki 15
Krediti Hisa za kawaida 12
Krediti Ziada ya bei ya hisa 3

Debiti Hisa za upendeleo 40
Debiti Ziada ya ukombozi 2
Krediti Wenye hisa za upendeleo 42

Debiti Faida iliyolimbikizwa 2
Krediti Ziada ya ukombozi 2

Debiti Faida iliyolimbikizwa 9.6
Krediti Gawio la kulipwa 9.6

Debiti Wenye hisa za upendeleo 42
Debiti Gawio la kulipwa 9.6
Krediti Benki 51.6

Debiti Faida iliyolimbikizwa 25
Krediti Akiba ya ukombozi wa mtaji 25

Faida inabaki 25.4, benki 13.4. Mizania inakaa 268.4 pande zote.

Mzee_Mizania
Safi. Mambo mawili tu. Kwanza, hakikisha hiyo 15 imeingia benki kabla ya siku ya malipo. Ahadi ya kaka haitoshi, hisa zilizouzwa kwa mkopo hazijaleta mapato. Pili, hakikisha gawio limetangazwa kwa azimio la bodi na tarehe yake, na kodi ya zuio ikatwe kabla ya kulipa. Kwa hiyo kwenye ingizo la tano hiyo 9.6 yote haitaenda kwa shangazi na mwenzake, sehemu inabaki kama deni kwa mamlaka ya mapato mpaka uipeleke.

Kibubu
Na ile 2 ya ziada ya ukombozi, kwa nini isitolewe kwenye ile ziada ya bei ya hisa ya 5 iliyokaa bure? Faida ingebaki 27.4.

Bi_Leja
Leo umeuliza swali zuri. Sheria ya Uingereza ya 1948 iliruhusu kabisa, na vitabu vya zamani vyote vinafanya hivyo. Baadaye walibana: ni faida inayogawika, isipokuwa kama hisa zilezile zilipouzwa mwanzo ziliuzwa kwa ziada na sasa kuna hisa mpya zimeuzwa kwa ajili ya kuzikomboa, na hata hapo kuna kikomo. Hisa za shangazi ziliuzwa 1,000 kamili, hazikuleta ziada yoyote. Mkiipiga kwenye faida hamtakosana na mtu yeyote.

Otieno_wa_Hesabu
Pia msisahau fomu kwa msajili. Hisa 40,000 zikifutwa na BRELA hawajajua, siku benki inatafuta taarifa za kampuni itakuta shangazi bado ni mwanahisa.

Mhasibu_Ziwani
Asanteni sana wote. Swali la mwisho, limetoka kwa mke wa kaka. Amesikia kwamba hiyo akiba ya 25 inaweza kugeuzwa hisa za bonasi. Ni kweli? Na yeye atapata, wakati faida iliyotumika ilipatikana kabla hajawa mwanahisa?

Bi_Leja
Ni kweli. Debiti akiba ya ukombozi 25, krediti hisa za kawaida 25, hisa 25,000 zinagawiwa bure kwa wenye hisa za kawaida. Pia hapo fedha hazitoki na wadai hawadhuriki, sababu kilichofungwa kimebaki kimefungwa kwa jina jingine. Na atapata kulingana na hisa zake, akiwa kwenye daftari la wanahisa siku ya mgao. Daftari haliulizi faida ni ya mwaka gani.

Mzee_Mizania
Daftari haliulizi, ila ndugu zake watauliza. Alinunua kwa 1,250. Wagawe kabla hajanunua? Haiwezekani, akiba yenyewe haijazaliwa. Labda bei ya 1,250 ilishahesabu hilo. Waliipataje hiyo bei?

Mhasibu_Ziwani
Mzee, kwa kweli waliikadiria mezani.

Mzee_Mizania
Basi rudini mezani kabla ya Januari. Mtaji wa wenye hisa za kawaida sasa ni 225 toa 40 za shangazi, toa 2, toa 9.6, ni 173.4 kwa hisa 100,000. Kila moja ina 1,734 nyuma yake, na mnamuuzia 1,250.